Kengele ya Moshi ya Chumba cha Sufi

Sufi haina uzito. Ukiishika kiganjani unadhani hujashika kitu. Lakini gunia la sufi likishindiliwa vizuri linamshinda mtu mmoja kubeba, na chumba chenye magunia arobaini ya sufi ni chumba kinachosubiri cheche moja tu. Nilijua hayo siku ya kwanza nilipoanza kazi ya ukatibu katika ushirika wa kina mama washona magodoro, Kariakoo, kwa sababu Mwenyekiti alinishika mkono, akanizungusha chumba kizima, kisha akaniuliza kama navuta sigara. Nilipomjibu sivuti, alisema, "Vizuri. Maana anayevuta huku ndani namtoa yeye na kivuli chake."

Nyumba yetu ilikuwa ya ghorofa moja, ya zamani, ngazi zake za mbao, na baraza lililotazama mtaa wa wauza vikapu na mikeka. Chini tulikuwa sisi: chumba kikubwa cha sufi na vitambaa vya magodoro, na nyuma yake ua. Juu waliishi wapangaji, na katika chumba kilichokuwa sawasawa juu ya magunia yetu alikaa bibi mmoja, mama wa mpangaji, ambaye miguu yake ilikuwa imekataa kazi. Mwanawe akienda kazini bandarini, bibi alibaki peke yake na fimbo yake. Tulimjua kwa fimbo kuliko kwa sura. Akitaka maji aligonga sakafu mara moja. Akitaka mtu wa kuzungumza naye, aligonga mara tatu.

Kengele ya moshi ililetwa na mdogo wake Mwenyekiti, kuli wa bandari, aliyepewa na baharia mmoja. Ilikuwa duara la plastiki, jeupe lililoanza kuwa la njano, kubwa kama sahani ya chai, na ubavuni lilikuwa na matundu membamba ya kuingiza moshi. Ndani ilikaa betri ya mstatili yenye vichwa viwili, ile ile inayotumika katika redio ndogo za mkononi. Mwenyekiti aliipachika darini mwenyewe, amesimama juu ya meza ya kukatia vitambaa, kanga kaifunga kiunoni, misumari ya skrubu ameishika kwa midomo. Tangu siku hiyo, kila mwanzo wa mwezi, aliwasha udi katika chetezo, akaupandisha hadi chini ya kengele, na ile kengele ililia kilio cha kupasua masikio. Wanawake wakacheka na kuziba masikio. Na juu yetu fimbo ikagonga mara mbili, ko, ko, maana yake: nimesikia.

Baadaye udi ukawa adimu, kama sabuni na sukari na kila kitu miaka ile, na ile desturi ikalala. Tuliiona kengele pale darini na hiyo ikatutosha.

Ilianza kulia asubuhi moja. Hakikuwa kile kilio kikubwa. Ulikuwa mlio mmoja mfupi, mkali, kama wa mdudu. Kisha kimya. Kisha, baada ya muda unaotosha kutunga uzi kwenye sindano na kupiga mishono michache, mlio mwingine. Jua lilipopanda na mabati yakapata joto, mlio ukaacha. Kesho yake asubuhi, nilipofungua mlango kabla ya wenzangu, nikaukuta tena.

Nilisadiki kabisa kwamba ni nyenje. Nyenje wapo Kariakoo, hasa kwenye nyumba zenye mbao, na mlio ulitoka kule juu penye giza. Nilichukua bomba la dawa ya mbu, lile la kusukuma kwa mkono, nikapanda juu ya meza na kupuliza darini pote. Nilipoona mlio unatoka ndani ya lile duara jeupe, nikadhani mdudu kajificha humo, nikapuliza kupitia matundu yake, mara tano, mara sita, mpaka mafuta yakadondoka kwenye kipaji changu. Joto lilipokuja mlio ukaacha, nami nikashuka nikijiona nimefanya kazi ya maana kabla hata watu hawajafika.

Asubuhi iliyofuata nyenje wangu alikuwa mzima.

"Hiyo siyo nyenje," alisema mama mmoja wa ushirika, mpenzi mkubwa wa taarab, ambaye redio yake ndogo haikumtoka ubavuni. "Hiyo ni betri. Yangu ikichoka, redio inakohoa. Hii inalia njaa."

"Sasa utaipata wapi betri?" akauliza mwenzake. "Duka la ushirika lina chumvi na viberiti tu. Tena viberiti vyenyewe haviwaki."

"Si tunaianika?"

Na sote tukakubali, kwa sababu kila mtu Dar es Salaam alikuwa akianika betri. Ungepita Magomeni mchana ungeona juu ya mabati betri za tochi na za redio zimepangwa kama mihogo. Jua linaipa betri nguvu kidogo. Redio inaamka, mtu anasikiliza taarifa ya habari, kesho anaianika tena. Basi tukawa tunaitoa betri ya kengele saa nne, tunaiweka juu ya bati la jikoni, na jioni kabla ya kufunga tunairudisha. Siku mbili, tatu, ikakaa kimya. Tukajipongeza.

Hakuna aliyetamka, na mimi ndiye katibu niliyepaswa kuliona, kwamba mchana kutwa, tukiwa tunachambua sufi kwa fimbo na vumbi limejaa hadi kwenye kope, mlinzi wetu alikuwa hana moyo. Moyo wake ulikuwa juu ya bati.

Hapo ndipo ilipofika barua. Wapangaji wa juu walikuwa wamelalamika kuhusu sufi, na haki yao. Afisa wa zimamoto angekuja Alhamisi kukagua. Barua ilisema wazi: akiridhika na kengele na ndoo za mchanga, tutaendelea. Asiporidhika, sufi itoke ndani ya nyumba. Na sisi hatukuwa na mahali pengine. Masika yalikuwa karibu, na sufi iliyolowa haifai hata kwa mto wa mtoto. Kina mama kumi na saba walikula kwa chumba kile.

Jumatatu kengele ikaanza kulia tena, betri ikiwa imetoka juani jana yake.

Mwenyekiti aliisikiliza huku akikata kitambaa. Hakuinua kichwa. "Ndugu Katibu," aliniambia, "nenda kamwite yule Mchaga wa redio. Mwambie aje na kile chombo chake chenye mshale."

Fundi alikuwa na kibanda mtaa wa tatu kutoka kwetu. Aliwahi kuwa fundi umeme kwenye karakana moja ya bandarini kabla ya kujitegemea, mtu mkimya, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya mwembamba wa shaba. Alifika Jumanne asubuhi na mapema, maana alitaka kuisikia ikilia. Alisimama chini yake akitazama saa yake ya mkononi.

"Kila baada ya dakika moja hivi," alisema. "Hiyo haisemi kuna moshi. Inasema nitazameni. Kwa moshi ingelia bila kupumua."

"Na mbona inanyamaza jua likipanda?" nikauliza.

"Betri dhaifu inaumwa na baridi. Alfajiri inazidiwa, mchana inajitutumua. Ndiyo maana hata juani mnaona inafufuka." Akaniangalia juu ya miwani. "Mnaianika, siyo?"

Yule mama wa taarab akajibu kwa niaba ya wote: "Tunaianika, fundi. Kwani kwenu Kilimanjaro hakuna jua?"

"Kwetu kuna baridi, mama. Sisi betri zetu tunazika."

Wakacheka. Alipanda mezani, akaizungusha kengele, ikatoka kwenye kitako chake, akashuka nayo hadi uani penye mwanga. Nikamfuata na stuli. Nimekaa na mafundi wengi tangu siku ile, lakini sijaona mtu aliyefanya kazi kwa adabu kama ile. Alitandika gazeti. Alitoa betri. Akaigeuza kengele, matundu yakitazama chini, ili uchafu uanguke usirudi ndani, akaanza kupitisha brashi laini ya rangi, tundu baada ya tundu. Sufi ikatoka. Nyuzi ndogo ndogo, nyeupe, zimeshikana kama ndevu. Hakuipuliza kwa mdomo. Alisema pumzi ina maji na inasukuma vumbi mahali pabaya.

Ndani kulikuwa na kichumba kingine kidogo cha bati, kimefungwa, chenye wavu mwembamba na alama ya kuonya. "Hapa mkono wa mtu haufiki," alisema. "Ndani mna chembe ya madini yenye mionzi, kidogo sana, haina neno ikiwa mahali pake. Lakini hiki hakifunguliwi, hakikwanguliwi. Nje tu."

Kisha akatazama vibati vinavyoshika vichwa vya betri. Vilikuwa na kutu ya kijani, ile kutu ya mji wenye chumvi hewani. Aliniomba kifutio cha penseli. Nikampa changu, cha kufutia makosa ya muhtasari wa mikutano, naye akasugua vibati taratibu hadi shaba ikang'aa, akafuta unga kwa kitambaa kikavu, akakibana kidogo kwa koleo kile kibati kilichokuwa kimelegea ili kishike kwa nguvu.

"Mara nyingi ugonjwa unaishia hapa," alisema. "Betri nzima, kibati kichafu. Ngoja."

Alirudisha betri yetu na kugusisha waya za mita yake. Mshale ukapanda hadi karibu na tisa, volti za betri nzima. Mama wa taarab akapiga makofi. "Si unaona? Nzima hiyo."

"Bonyeza kitufe cha kengele, mama."

Akabonyeza. Kengele ilitoa sauti ya mbuzi aliyekabwa, na mshale ukaporomoka hadi chini ya saba. Alipoachia kidole, ukarudi juu polepole, kama vile hakuna kilichotokea.

"Huo ndio uongo wa jua," fundi alisema. "Ikipumzika inaonekana ina nguvu. Ikitwishwa mzigo inaanguka. Redio haijali, itakohoa tu. Hii ikianguka, haimwamshi mtu."

Betri mpya haikuwepo mjini, kila mtu alijua. Wakaanza kutazamana. Mama wa taarab alikuwa wa mwisho kuelewa kwa nini wanamtazama yeye. Aliweka mkono juu ya redio yake.

"Hii nimeipata juzi," alisema. "Kwa shemeji wa Zanzibar. Juzi tu."

Hakuna aliyemwomba. Akafungua mgongo wa redio kwa ukucha wake, akatoa betri na kumpa fundi bila kuitazama. "Nitasikiliza kwa jirani," alisema. "Ila jirani yangu anapenda mpira."

Kwa betri ile kitufe kilitoa kilio cha kweli. Fundi akaacha kengele juu ya gazeti, akaanza kunywa chai tuliyompa. Dakika ikapita, kumi zikapita, hakuna mlio. Wanawake wakarudi kwenye sufi zao wakiimba.

Lakini yeye hakuondoka. Aliishika tena, akaipeleka puani.

"Ina harufu ya mafuta ya taa," alisema.

Nilijua harufu hiyo. Dawa ya mbu ya bomba ilikuwa imechanganywa na mafuta ya taa.

"Mwenyekiti, kuna kitu cha kufuka?"

Mwenyekiti alikwenda kwenye sanduku lake la nguo na kurudi na kipande cha udi kidogo kama kucha, kilichofungwa katika karatasi. Alikuwa amekihifadhi kwa harusi ya binti yake. Tukakaa mbali na sufi, katikati ya ua, na ndoo ya maji pembeni. Alikiwasha juu ya kaa kwenye chetezo, na fundi akaishika kengele juu ya moshi. Moshi ulipanda, ukaizunguka, ukaenda zake angani. Tulisubiri. Tuliikaribisha zaidi. Fundi akawasha kipande cha gazeti, akakizima, akakiweka chini yake kikifuka moshi mzito hadi macho yakatutoka machozi.

Kengele ilitulia kama sahani.

Na kutoka dirisha la juu ikaja sauti ya bibi, ambaye harufu ya udi ilikuwa imemfikia: "Enyi, leo mbona sijasikia?"

Hapo ndipo niliposema. Nilisema yote, nyenje na bomba, mara tano, mara sita. Nilisema nikiangalia gazeti. Fundi aliweka kengele chini na kunieleza kwa upole kuliko nilivyostahili: mafuta yalikuwa yamepaka ule wavu wa ndani, sufi ikanata juu yake, na kile kichumba hakisafishiki. Pengine hata bila mimi kilikuwa kimechoka, kwa maana maandishi ya mgongoni yalikuwa yamefutika na hakuna aliyejua umri wake. "Bandarini tulikuwa tukizitoa zikifika miaka kumi, hata kama zinalia vizuri," alisema. "Na hii tumeisafisha, tumeipa betri mpya, tumeipa moshi, imekaa kimya. Mwisho wake hapo. Ni ya kubadilisha."

"Lakini kitufe kinalia," akasema mama mmoja.

"Kitufe cha hii kinapima king'ora na betri. Hakiulizi kama pua inanusa."

Nilimwangalia Mwenyekiti, nikisubiri hasira. Aliniuliza, "Na huyo nyenje, ulimpata?"

"Hapana, Mama."

"Basi umekosa vyote viwili." Akachukua chetezo na kuingia ndani.

Jumatano kina mama walizungumza na sikulazimika kuambiwa walichokuwa wanazungumza. Kengele ilikuwa safi, haitoi mlio wa ajabu, ukibonyeza inalia. Afisa angebonyeza, angesikia, angeandika. Kisha tungetafuta nyingine kwa nafasi. Hata mimi nililala na wazo hilo, na sikuliona baya. Mwenyekiti alisikiliza kila mmoja huku akishona kona za godoro, hakusema ndiyo wala hapana. Alichosema ni kwamba kengele irudishwe darini.

Afisa alifika Alhamisi saa tatu. Alikuwa mwanamume mrefu, mwenye sare iliyopigwa pasi hadi ikasimama, na tabasamu la mtu aliyeambiwa atakuta fujo na hakuikuta. Alihesabu ndoo za mchanga. Akatazama njia kati ya magunia. Mwishoni akanyoosha ufagio na kubonyeza kitufe kwa ncha ya mpini. Kengele ikalia ikajaza chumba. Kule juu fimbo ikagonga mara mbili.

"Nani huyo?"

"Jirani yetu," Mwenyekiti alimjibu. "Miguu yake haifanyi kazi. Anasema amesikia."

Afisa akacheka, akatoa kalamu. "Ndugu Mwenyekiti, niseme kweli, viwanda vikubwa havina hiki mlicho nacho."

"Usiandike kwanza, ndugu Afisa."

Naikumbuka kalamu ile ikiwa hewani. Mwenyekiti alipanda juu ya meza, akaizungusha kengele akaitoa, akashuka, akampa mkononi. "Hiyo inalia kwa kidole. Kwa moshi hailii. Tulijaribu juzi, mbele ya fundi. Twende uani uone kwa macho yako."

Mama wa taarab akanong'ona, "Yarabi, huyu mwanamke."

Walikwenda uani. Hapakuwa na udi tena. Alitumia kipande cha gunia kilichofuka. Afisa aliishika mwenyewe juu ya moshi, dakika nzima, kofia kwapani. Aliporudi hakuwa na lile tabasamu, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Unajua ninachotakiwa kuandika sasa."

"Najua."

"Na masika haya."

"Masika nayajua kuliko wewe, mwanangu. Lakini yule mwenye fimbo akigonga mara mbili, anatuamini."

Aliandika. Sufi itoke ndani ya nyumba hadi ipatikane kengele inayofanya kazi. Kushona magodoro yaliyokwisha kujazwa kunaruhusiwa. Kabla ya kuondoka alimuuliza Mwenyekiti kama angekubali kuja siku moja kuzungumza na vijana wake wa zimamoto. Mwenyekiti akasema ana magunia arobaini ya kuhamisha, labda vijana waje wao. Jumamosi walikuja sita, na lori.

Sufi ilikwenda Magomeni, uani kwa dada yake Mwenyekiti, chini ya paa la makuti na turubai. Masika yalinyesha kama kawaida yake. Magunia manane yalilowa na kuoza. Tulijaza magodoro kule, tukayabeba kwa mkokoteni hadi Kariakoo kuyashona kona, tukarudi, kila siku, tope hadi magotini, na sikumsikia hata mmoja akisema heri tungenyamaza. Mama wa taarab alirudishiwa betri yake siku ile ile ya Alhamisi, akaimba njia nzima ya Magomeni mbele ya mkokoteni.

Kengele mpya ililetwa na yule mdogo wake Mwenyekiti baada ya miezi minne, ikiwa ndani ya sanduku lake, na betri yake. Afisa alikuja kuipima kwa moshi, siyo kwa mpini wa ufagio, na sufi ikarudi. Mwenyekiti alichukua kalamu ya wino tuliyokuwa tukiandikia alama za magodoro, akaandika mgongoni mwake mwezi na mwaka, kwa tarakimu kubwa, ili yeyote atakayeirithi asiulize umri wake. Katika daftari la ushirika akanitaka niandike siku ya kupiga brashi, siku ya kutazama vibati, na siku ya moshi. Betri isiguse bati la jikoni.

Ya zamani fundi aliichukua nzima nzima aipeleke kwa wenzake wa karakana, wanaojua pa kuziweka.

Mwanzo wa mwezi uliofuata Mwenyekiti alipata udi, sijui kwa nani. Aliweka kipande kwenye chetezo na kunipa.

"Panda wewe," alisema. "Wewe muua nyenje."

Nilipanda mezani. Mara ya kwanza nilikiinua chetezo upande na moshi ukapotea njia. Nikakishusha, nikakituliza, nikakipandisha tena sawasawa chini ya matundu. Kengele ilipiga ukelele, wanawake wakaziba masikio, mimi nikabaki pale juu nimeinua uso nikisubiri. Ilichukua muda kidogo, kama wa mtu anayetafuta fimbo yake kitandani.

Ko, ko.